Kombora Likipasuka Angani, Kitovu Chake Kinakwenda Wapi?

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliowahi viti vya mbele, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie mwendo wa kitovu cha masi cha kombora linalolipuka likiwa angani. Najua wengi wenu mmekwisha kukutana na swali hili kwenye mtihani, na jibu lake mnalo mdomoni: kitovu kinaendelea na njia yake ileile kana kwamba hakuna kilichotokea. Jibu hilo ni sahihi, ila lina mwisho wa matumizi. Kuna sekunde maalumu ambayo kabla yake ni kweli tupu, na baada yake ni uongo. Mazoezi mengi hupangwa kwa ujanja ili mwanafunzi asiigonge sekunde hiyo, na ndiyo maana watu humaliza shule bila kujua kwamba ipo. Mchana huu tutakifuata kitovu tangu kinywani mwa mzinga hadi pale kinapoiacha njia yake, tuone ni nani aliyekisukuma.

Tuanze na kombora lenyewe. Lina kilo 12. Linatoka mzingani kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, nayo kasi hiyo tunaigawa sehemu mbili: mita 80 kwa sekunde kwenda mbele, mita 60 kwa sekunde kwenda juu. Wenye macho wameshaiona pembetatu ya 6, 8 na 10. Nimeichagua makusudi, sitaki tukwame kwenye vipeo. Mchapuko wa mvutano wa dunia tuufanye 10 badala ya 9.8. Uwanja ni tambarare. Hewa tuiondoe kwanza. Nitairudisha baadaye, na ikirudi itakuja na matata yake.

Kasi ya kwenda juu inapungua kwa 10 kila sekunde, kwa hiyo 60 zinaisha baada ya sekunde 6. Hapo kombora liko kileleni, mita 180 juu ya ardhi, na limeshakwenda mbele mita 480. Kushuka ni picha ya kupanda: sekunde 6 nyingine, mita 480 nyingine. Lisipolipuka litaanguka mita 960 kutoka mzingani, sekunde ya 12. Namba hii 960 naiandika pembeni ya ubao na naomba isifutwe.

Sasa kitovu cha masi. Mwenye kubeba mzegazega anakijua hata kama hajawahi kulisikia jina: ndoo za pande mbili zikiwa na uzito tofauti, bega hukaa karibu na ndoo nzito. Hesabu yake ni wastani, ila kila kipande kinapiga kura kwa masi yake:

```
X = (m1*x1 + m2*x2) / (m1 + m2)
```

Kombora likiwa zima, kitovu kiko ndani yake. Likishapasuka, kitovu kinabaki hewani mahali ambapo pengine hapana kitu chochote, hata chembe ya chuma. Jambo hili huwasumbua wanafunzi kuliko hesabu yenyewe. Wanauliza, kitu kisichokuwepo kinafuataje njia? Nami huwajibu kwamba wastani wa umri wa darasa nao unaweza usiwe umri wa mtu yeyote darasani, na bado kila mwaka mmoja ukipita, wastani unaongezeka mwaka mmoja.

Kwa nini mlipuko hauwezi kukisogeza? Baruti inapowaka, inageuka gesi yenye joto kali na kanieneo kubwa, na gesi hiyo inasukuma ganda la chuma kutoka ndani. Kipande cha mbele kinasukumwa mbele, cha nyuma kinasukumwa nyuma. Kila msukumo unaotokea humo una mwenzake ulio sawa nao na unaoelekea upande wa pili, kwa sababu vipande vinasukumana vyenyewe kwa vyenyewe. Ukijumlisha kani hizo zote za ndani unapata sufuri. Newton aliliweka hili wazi mwaka 1687 kama tokeo la kanuni zake za mwendo: vitu vikitendeana vyenyewe, kitovu chao cha pamoja hakibadilishi hali yake ya mwendo. Kinachobaki ni kani za nje, na kwa kombora letu lisilo na hewa, kani ya nje ni moja tu, mvutano wa dunia. Mvutano huo unavuta kila kilo kwa newtoni 10, iwe imeshikamana na wenzake au imetengana nao. Jumla ya kani ya nje kabla ya mlipuko ni newtoni 120 kwenda chini. Baada ya mlipuko ni newtoni 120 kwenda chini. Kitovu hakina habari.

Hapa niweke neno dogo kwa walimu. Tumezoea kusema kwamba momenta inahifadhiwa wakati wa mlipuko kwa sababu mlipuko ni wa kitambo kifupi mno. Kwa momenta, hilo ni kadirio: ndani ya elfumoja ya sekunde, mvutano unaongeza momenta ya 0.12 tu juu ya 960 iliyopo, nani atajali. Lakini kanuni ya kitovu haihitaji kadirio hilo. Hata kombora lingepasuka polepole kwa sekunde 3 nzima, kitovu kingebaki kwenye njia yake, kwa sababu mvutano tumeshauhesabu tangu mwanzo. Wanafunzi wanaodhani kwamba kanuni inategemea ghafla ya mlipuko wameshika sababu isiyo yenyewe.

Haya, tulipue.

Kombora limefika kileleni, linakwenda mbele kwa mita 80 kwa sekunde, juu wala chini haliendi. Linapasuka vipande viwili, kimoja cha kilo 4 na kingine cha kilo 8. Tuseme kile kidogo kimerushwa nyuma kwa nguvu iliyotosha tu kukisimamisha. Kwa hiyo kinaanguka wima, kama kitu kilichodondoshwa kutoka mkononi. Momenta ya kombora zima ilikuwa 12 mara 80, yaani 960. Kipande cha kilo 4 sasa hakina momenta, basi 960 yote iko kwenye kilo 8, na kasi yake ni 960 gawanya kwa 8: mita 120 kwa sekunde.

Vipande vyote viwili viko mita 180 juu na hakuna chenye kasi ya wima. Vyote vitachukua sekunde 6 kufika chini. Kidogo kinaanguka chini ya kilele, mita 480 kutoka mzingani. Kikubwa kinakwenda mbele mita 720 zaidi na kutua mita 1,200. Wastani: 4 mara 480 ni 1,920, 8 mara 1,200 ni 9,600, jumla 11,520, gawanya kwa 12, unapata 960. Ileile ya pembeni mwa ubao.

Nikikaribia hapa huwa kuna mkono unaopanda, na leo umepanda. Kijana wa safu ya pili ameuliza: "Mwalimu, samahani, baruti imelipuka, kipande kikubwa kimeongezewa kasi kutoka 80 hadi 120, halafu unasema kitovu hakijapata kitu. Hiyo nishati imekwenda wapi?"

Nimefurahi kuulizwa, maana hapa ndipo momenta na nishati zinapoachana njia. Hesabu nishati mwendo kabla ya mlipuko: nusu ya 12 mara 80 kwa kipeo cha pili, ni jouli 38,400. Baada ya mlipuko, kipande kidogo hakina kitu, kikubwa kina nusu ya 8 mara 120 kwa kipeo cha pili, jouli 57,600. Zimeongezeka jouli 19,200, na zimetoka kwenye baruti. Sasa jiwekeni kwenye kitovu, mkisafiri nacho kwa mita 80 kwa sekunde, mtazame vipande vinavyowakimbia. Kidogo mnakiona kinarudi nyuma kwa 80. Kikubwa mnakiona kinakwenda mbele kwa 40. Nishati ya kidogo kwa macho yenu ni jouli 12,800, ya kikubwa ni 6,400. Jumlisha: 19,200 kamili. Ndiyo kusema nishati yote ya baruti iliingia katika kutenganisha vipande, na zile 38,400 za kitovu hazikuguswa hata na jouli moja. Na ona pia kwamba kipande chepesi ndicho kilichochukua theluthi mbili. Momenta waligawana sawa, nishati hawakugawana sawa.

Kwa ulinganisho, jouli 19,200 ni nishati ya chini ya gramu 5 za TNT. Kombora letu la ubaoni limepasuka kwa upole sana. Kombora la kawaida la mzinga wa milimita 155 lina kilo zaidi ya 40, na ndani yake karibu kilo 7 ni kilipuzi. Vipande vyake havigawanyiki viwili kwa adabu; vinakuwa maelfu, na vingi vinatoka kwa kasi inayoipita kasi ya kombora lenyewe mara kadhaa. Jumla ya vishale vyote vya momenta, ukiviona kutoka kwenye kitovu, bado ni sufuri.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo. Katika mfano ule, vipande viwili vilitua kwa wakati mmoja. Mtunga swali huwa anahakikisha hivyo: mlipuko unatokea kileleni, na unasukuma kwa mlalo tu. Tumpe baruti uhuru kidogo.

Kombora lilelile, kilele kilekile, vipande vilevile. Safari hii mlipuko unasukuma kwa wima. Kipande cha kilo 4 kinapigwa kwenda chini kwa mita 40 kwa sekunde, na cha kilo 8 kinapigwa kwenda juu kwa mita 20 kwa sekunde. 4 mara 40 ni 160, 8 mara 20 ni 160, zinafutana. Kwa mlalo vyote vinaendelea na 80 zao.

Kipande kidogo kinashuka mita 180 kikiwa kimeshapewa msukumo wa kwenda chini. Mlinganyo ni huu: 180 ni sawa na 40t jumlisha 5t kwa kipeo cha pili. Jibu lake ni sekunde 3.21. Kwa muda huo kimekwenda mbele mita 257, basi kinatua mita 737 kutoka mzingani. Kikubwa kinapanda kwanza, kinakaa huko juu, ndipo kinashuka. Kinafika ardhini sekunde 8.32 baada ya mlipuko, mita 1,146 kutoka mzingani.

Mwanafunzi aliyekariri atachukua wastani wa mahali vilipotua na kutegemea 960. Aufanye: 4 mara 737, jumlisha 8 mara 1,146, gawanya kwa 12. Anapata karibu 1,010. Anafuta, anarudia, anapata 1,010 tena. Wengine hapo hurudi nyuma kubadili kasi za vipande mpaka jibu likubali kuwa 960, na mimi nikisahihisha naliona hilo mara moja, kwa sababu momenta ya wima haifungi tena. Hesabu ya kwanza haikuwa na kosa. Mita 50 zile zimezidi kweli.

Tukifuate kitovu chenyewe, pole pole. Sekunde 3.21 baada ya mlipuko, punde kabla kipande kidogo hakijagusa udongo, kidogo kiko mita sufuri, kikubwa kiko mita 192.7 juu. Kitovu kiko theluthi mbili ya hapo, mita 128.4. Kombora lisilolipuka lingekuwa wapi wakati huo? 180 toa 5 mara 3.21 kwa kipeo cha pili, ni mita 128.4. Mpaka hapo kanuni haijatikisika hata kidogo. Kwa mlalo pia, kila kitu kiko mita 737, kombora la kufikirika, kitovu, na vipande vyote viwili.

Halafu kipande kidogo kinapiga ardhi. Kinakuja kwa kasi ya wima ya mita 72 kwa sekunde, kinachimba shimo na kubaki humo. Nani kakisimamisha? Ardhi. Na ardhi si sehemu ya kombora. Hii ndiyo kani ya nje ya kwanza ukiacha mvutano, na kitovu kinaisikia papo hapo, ingawa kitovu kiko zaidi ya mita 128 juu ya ardhi na hakuna kitu kilichokigusa huko. Kilikuwa kinashuka kwa mita 32 kwa sekunde. Ghafla kinashuka kwa mita 8 tu kwa sekunde. Kilikuwa kinakwenda mbele kwa 80. Ghafla kinakwenda kwa 53.3, kwa sababu kati ya kilo 12 ni kilo 8 tu zinazosafiri. Njia yake ina kona kali pale, kona unayoweza kuichora kwa rula.

Kuanzia hapo kitovu hakianguki hata kwa mchapuko wa 10. Ardhi inabeba uzito wa kipande kidogo, newtoni 40, kwa hiyo kani halisi inayobaki kwa mfumo mzima ni newtoni 80 juu ya kilo 12: mchapuko wa 6.7 hivi. Kitovu kinashuka taratibu kuliko kombora, na kinakwenda mbele taratibu kuliko kombora, lakini kinapata sekunde 5.11 zaidi za safari. 53.3 mara 5.11 ni karibu mita 273. Jumlisha na 737, unafika 1,010. Mita 50 za ziada zina maelezo kamili: ardhi ilikipunguzia kitovu mwendo, lakini pia ilikicheleweshea kutua, na kwa mfano huu kuchelewa kumeshinda.

Kwa hiyo sekunde niliyowaahidi ndiyo hii: pale kipande cha kwanza kinapogusa kitu chochote kisichokuwa sehemu ya kombora. Kikigusa mti, ni hivyo. Kikigusa maji, ni hivyo. Swali likisema vipande vinatua kwa pamoja, chukueni wastani wa mahali vilipotua na mtalala usingizi. Likisema kimoja kimetua kwanza, wastani wa mahali vilipotua si mahali kombora lingeanguka. Bado mnaweza kuitumia kanuni kwa usahihi, ila mhesabu mahali pa vipande vyote kwa wakati mmoja, ule wa kipande cha kwanza kutua, kisha mwishie hapo. Hata swali maarufu la mtihani, lile la kuulizwa kipande cha pili kitaangukia wapi ukiwa umepewa mahali cha kwanza kilipoangukia, halina jibu kabisa mpaka uambiwe kitu kuhusu wakati.

Nimeahidi kuirudisha hewa. Ukinzani wa hewa ni kani ya nje pia, na hauna subira ya kungoja kipande kifike chini. Kombora zima limechongwa pua, linazunguka kwenye mhimili wake, linapasua hewa kwa taabu ndogo. Likivunjika, vipande vyake ni vya umbo la hovyo, vina kingo, vinapinduka ovyo, na kila kilo moja ya chuma sasa ina eneo kubwa zaidi la kukutana na hewa. Vinapunguzwa mwendo upesi kuliko kombora lilivyokuwa linapunguzwa. Matokeo yake, kitovu kinaanza kubaki nyuma ya njia ya kombora zima tangu dakika ileile ya mlipuko, na kwa vipande vidogo kinabaki nyuma sana. Na msisahau gesi. Ile kilo 7 ya kilipuzi cha kombora la milimita 155 haikutoweka, iko hewani kama moshi na gesi, ina masi, na mwanzoni ilikuwa na momenta yake. Anayepima vipande vya chuma peke yake ameacha karibu moja ya sita ya kombora nje ya hesabu yake, kisha anashangaa momenta haifungi.

Fataki ndiyo nafasi nzuri ya kuona haya yote kwa macho. Fataki nzuri ikipasuka, nyota zake zinatoka pande zote kwa kasi karibu sawa, na unaona mpira wa moto unaopanuka. Kila nyota inaanguka kwa mchapuko uleule, kwa hiyo mpira unabaki mviringo huku ukishuka wote kwa pamoja, na katikati yake ndipo kitovu kilipo. Tazameni katikati, msitazame kingo. Kama ilipasuka kabla ya kufika kileleni, mtaona mpira wenyewe bado unapanda. Baada ya sekunde moja au mbili, hewa inakuwa imeshazishika nyota nyepesi, nazo zinaning'inia na kushuka karibu wima. Yale mapazia mazuri ya cheche tunayoyapigia makofi ni picha ya kanuni inavyovunjwa na hewa.

Kuna kikomo kimoja zaidi, nacho hakigusi mizinga hata kidogo, lakini nakipenda mno kukiacha. Tumesema mvutano unavuta kila kilo sawasawa na kwa upande mmoja. Uwanjani ni kweli. Vipande vikitawanyika maelfu ya kilomita, chini ya kimoja si chini ya kingine. Juni 1961 roketi ya Ablestar, iliyokuwa imekwisha kufikisha setilaiti ya Transit 4A kwenye obiti, ilipasuka huko juu na kuacha vipande karibu 300. Ndio mpasuko wa kwanza unaojulikana katika obiti. Kipande kilichosukumwa mbele kinapanda kwenye obiti kubwa zaidi, na obiti kubwa huchukua muda mrefu zaidi kuimaliza, kwa hiyo kipande kilichoongezewa kasi kinaishia kuchelewa nyuma ya wenzake. Kilichosukumwa nyuma kinashuka kwenye obiti ndogo na kuwapita. Kadiri siku zinavyokwenda wanatawanyika na kuuzunguka mzingo wote kama mkufu. Sasa chukueni wastani wa mkufu unaoizunguka dunia: hauko tena kwenye obiti, umevutwa kuelekea ndani ya dunia yenyewe. Hakuna hewa ya maana huko, hakuna ardhi iliyoguswa, na bado kitovu kimeiacha njia ya roketi, kwa kuwa jumla ya mivuto juu ya vipande si sawa tena na mvuto juu ya kitovu.

Turudi uwanjani, maana muda umekwisha na nimeona mwenyekiti anatazama saa. Nawaachia hili ubaoni. Kombora letu la kilo 12, kasi zilezile, bila hewa. Halilipuki kileleni; linalipuka sekunde ya 9, likiwa linashuka. Linagawanyika vipande viwili vya kilo 6, na kimoja kinasimama kabisa hewani kwa nukta ile ya mlipuko, kisha kinaanza kuanguka. Tafuteni kasi ya cha pili, mlalo na wima; kipi kinatua kwanza na baada ya muda gani; na kitovu kiko wapi wakati huo. Halafu tafuteni wastani wa mahali vilipotua. Mfano wa kwanza wa vipande kutua mbalimbali ulivuka 960. Huu utapungua, mtapata karibu mita 875, na nataka mnieleze kwa nini kitovu hakisogei tena mbele hata sentimita moja baada ya kipande cha kwanza kutua, wakati cha pili bado kiko angani.